Risiti zilizofutika: mwandikie mteja hivi

"Wakuu, natunza vitabu vya mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Kigoma. Risiti tatu za Machi hazisomeki. Nimwandikieje ili asiniletee tena karatasi zisizo na kazi?"

Usimwandikie tu "leta nyingine". Atarudi dukani, muuzaji atampigia risiti mpya yenye tarehe ya leo. Manunuzi ya Machi yatahamia mwezi mwingine, na muuzaji ataonekana kauza mara mbili mzigo mmoja.

Anza kuzikagua mwenyewe. Karatasi ya EFD haina wino, inashika weusi kwa joto. Ikisahaulika kwenye dashibodi ya gari inakuwa nyeusi yote. Ikibandikwa selotepu inapauka. Iliyopauka ipige picha mchana, kisha ongeza weusi kwenye simu. Unatafuta vitu viwili: msimbo wa uhakiki na saa iliyotolewa, mpaka sekunde. Viingize verify.tra.go.tz, risiti itafunguka, ichapishe uiambatanishe na ile iliyofifia. Ikikataa, mara nyingi umesoma 8 mahali penye B.

Kisha andika:

"Shikamoo mama. Risiti tatu nimeziwekea namba kwa penseli.

Namba 1, saruji: nimeipata mtandaoni, huna cha kuleta.

Namba 2, nondo, 12 Machi, jumla 1,180,000: msimbo umefutika. Mwombe muuzaji nakala kutoka kwenye kumbukumbu ya mashine yake, siyo risiti mpya. Mpe tarehe na jumla, ndivyo atakavyoitafuta. Naiomba kabla ya tarehe 15 Aprili.

Namba 3, dizeli: imeungua yote. Tafuta kwenye simu ujumbe wa malipo ya dizeli hiyo, uende nao kituoni ukaombe nakala. Usiufute."

Nondo zimewekewa siku kwa sababu ndani yake mna VAT ya 180,000, na ritani ya Machi mwisho ni tarehe 20 Aprili. Dizeli haina VAT ya kudai, kwa hiyo inaweza kusubiri.

Mteja akikuuliza kwa nini ujumbe wa simu pekee hautoshi, mwambie unaonyesha pesa imetoka na kwa nani, lakini hausemi kilichonunuliwa. Hati ya kupokelea mzigo nayo inasema kilichofika, haisemi kodi iliyolipwa. Vyote viwili ni vya kusindikiza tu.

Nakala ya nondo ikifika, kabla ya kufurahi tazama kama TIN ya mama imo. Kama haikuingizwa siku ya kununua, nakala haitaiongeza. Hapo, au nakala ikikosekana kabisa, VAT ile usiidai: ingiza 1,180,000 yote kama gharama ya mzigo. Isiyo na nakala kabisa itengee faili lake, maana wakati wa hesabu za mwaka gharama isiyo na risiti inaweza kukataliwa.