Meneja akirudisha listi ya ruhusa ndani ya dakika tano, shtuka

Nyie mlioanza juzi kazi ya kukagua nani ana ruhusa gani kwenye sistimu, robo yangu ya kwanza nilimtumia meneja listi ya mistari 60, jina la mtu na jina la ruhusa vilevile sistimu inavyoliandika, `AP_PAY_APPR` na mengine ya hivyo, nikamwambia aandike abaki nayo au aondolewe. Dakika tano karudisha, wote "abaki". Sio uvivu, hakuelewa anasoma nini, na mtu asipoelewa haondoi kitu maana anaogopa kumkwamisha mwenzake kazini.

Siku hizi kila mstari naandika kwa lugha ya kawaida hiyo ruhusa inafanya nini ("anaidhinisha malipo ya wasambazaji"), mara ya mwisho kaitumia lini, na cheo chake cha sasa nakitoa kwa watu wa utumishi, kile cha kwenye akaunti mara nyingi ni cha zamani.

Halafu waliohama idara nawaweka juu kabisa ya listi. Aliyeacha kazi huwa anakumbukwa, aliyehama hakumbukwi na mtu. Kuna dada alitoka malipo akaenda manunuzi, miezi mitano imepita, kule mpya anasajili wasambazaji na ile ya kuidhinisha malipo bado anayo, yani angetaka angesajili msambazaji hewa na akamlipa mwenyewe. Niliangalia logi, hakuwa amefanya kitu. Meneja wake mpya akaamua aondolewe, tukaandika uamuzi, sababu, nani kaamua na tarehe, tiketi ikaenda kwa mafundi, kesho yake ikafungwa.

Nikatoa listi upya, bado ipo! Kumbe alikuwa anaipata kwa njia mbili, moja kapewa yeye kama yeye, nyingine inakuja kupitia kundi la malipo ambalo hakutolewa, na fundi aliondoa ile ya kwanza tu. Toka hapo tiketi kufungwa kwangu sio ushahidi, ushahidi ni listi mpya isiyo na hiyo ruhusa, naihifadhi pamoja na ile ya mwanzo.

Kwenye sababu msikubali "anaihitaji", hilo ni neno tu. "Anamshikia mwenzake aliye likizo" hiyo sawa, ila muulize mpaka lini na tarehe iwekwe palepale. Na ruhusa za meneja mwenyewe mpelekee bosi wake, asijikague.

Akaunti za mashine, zile zinazotumiwa na programu na sio mtu, zikiwa hazina mwenyewe ndo kichwa kinauma. Ulizia kwanza, wakikaa kimya ifunge lakini usiifute, na iache imefungwa mpaka mahesabu ya mwisho wa mwezi yapite, maana nyingine zinaamka mara moja tu kwa mwezi na mwenyewe utamjua siku ripoti yake ikigoma kutoka.