Maswali na Majibu: Ujumbe Mfupi kwa Afisa Ajira Anayepanga Usaili kwa Simu

Afisa ajira alinipangia usaili wa nafasi ya mtunza stoo kupitia WhatsApp tu. Hatujawahi kuandikiana barua pepe. Usaili umefanyika leo asubuhi. Nimwandikie nini, na kwa urefu gani?

Mwandikie palepale mlipopangia miadi, leo hii kabla ya saa za kazi kwisha, ujumbe mmoja usiozidi sentensi nne au tano fupi baada ya salamu. Hakuna haja ya kutafuta anwani yake ya barua pepe ili umtumie shukrani ndefu, kwa kuwa jina lako, tarehe na makubaliano yenu yote yamo katika mazungumzo hayo ya simu, na huko ndiko atakakorudi atakapotaka kukukumbuka.

Kumbuka kwamba ujumbe wako hautasomwa wote mara moja. Kwanza ataona mwanzo wake kwenye kioo cha simu, mstari mmoja au miwili, ukiwa katikati ya ujumbe wa watu wengine waliosailiwa nafasi hiyo na nafasi nyingine. Mstari huo ukijaa maneno ya kumtakia afya njema na kheri katika majukumu yake, atakuwa ameusoma bila kujua ni nani anayeandika, hasa ikiwa hakuhifadhi namba yako. Kwa hiyo jina lako, nafasi uliyoomba na siku ya usaili vitangulie, kwa mfano hivi:

"Habari za mchana. Ni (jina lako kamili), niliyesailiwa nafasi ya mtunza stoo leo saa nne asubuhi. Asante kwa kunipangia muda na kwa maelezo kuhusu zamu za usiku. Nipo tayari kuzifanya. Nakala ya cheti mliyoiomba naituma sasa hivi. Nitasubiri jibu siku ya Ijumaa kama tulivyoongea."

Angalia kwamba ujumbe huu hauulizi chochote. Shukrani ya siku ya usaili haipaswi kumdai mtu jibu, kwa sababu siku hiyo huenda bado anasaili wengine na hana la kukuambia. Kutaja zamu za usiku kunamkumbusha ni mazungumzo yapi mliyofanya, na papo hapo kunajibu swali ambalo jopo lingeweza kubaki nalo. Kutaja Ijumaa ni kuweka ahadi yake kwa maandishi bila kumbana, na maandishi hayo utayahitaji baadaye iwapo Ijumaa itapita kimya.

Cheti chenyewe kitume kama faili la hati, si kama picha, kwa kuwa WhatsApp hupunguza ubora wa picha za kawaida na maandishi madogo au mhuri huweza kufifia. Lipe faili jina lenye jina lako na nafasi uliyoomba. Faili linaloitwa "scan001" litapotea katika simu yake pamoja na mafaili ya wenzako yenye majina ya namna hiyo hiyo.

Nilimwandikia "Shikamoo" nikangoja aitikie ndipo nieleze shida yangu. Mpaka sasa hajaitikia. Je, amenidharau?

Sidhani. Ana kwa ana, salamu huitikiwa kwanza ndipo jambo likafuata, na ni adabu njema. Katika ujumbe wa simu, salamu iliyokuja peke yake humlazimu mwenzako aitikie, asubiri, kisha arudi tena kusoma haja yako, na mtu anayepanga usaili wa watu wengi huiacha akidhani atairudia baadaye. Weka salamu na haja katika ujumbe mmoja.

Kuhusu "Shikamoo" yenyewe, mimi ningeitumia kwa afisa niliyekwisha kuonana naye na kujua kwamba ni mkubwa wangu. Kwa mtu ninayemjua kwa namba tu, "Habari za asubuhi" hutosha na haimfanyi kijana mwenzangu aone haya kuitikia "Marahaba".

Aliniahidi jibu Ijumaa. Leo ni Jumatatu, ujumbe wangu wa shukrani una tiki mbili za bluu na hajasema kitu. Nimwandikie tena, au nimpigie?

Tiki za bluu zinakuambia jambo moja tu, nalo ni kwamba mazungumzo yenu yalifunguliwa ujumbe wako ulipokwisha kufika. Hazisemi kwamba aliusoma kwa makini, wala kwamba uamuzi umetolewa. Vilevile tiki za kijivu hazithibitishi kwamba hajausoma, kwa sababu mtu huweza kuzima alama hiyo katika mipangilio yake. Kinachotokea mara nyingi ni cha kawaida kabisa: aliufungua akiwa njiani au kikaoni, wengine wakamwandikia, na mazungumzo yenu yakashuka chini ya orodha hadi yakatoka machoni pake.

Hivyo basi ujumbe wa pili ni halali, na kazi yake ni kuyapandisha mazungumzo yenu juu tena yakiwa na swali linalojibika kwa urahisi. Kwa kuwa siku aliyoahidi ilikuwa Ijumaa, mpe siku moja kamili ya kazi, yaani Jumatatu yote, kisha mwandikie Jumanne kabla ya adhuhuri, atakapokuwa amekwisha kupita pilikapilika za kuingia kazini. Usianze ujumbe mpya mtupu. Bonyeza kwa muda ujumbe wako wa shukrani, chagua kuujibu, ili huo wa kwanza uonekane juu ya huu wa pili na asilazimike kupekua:

"Habari za asubuhi. Ni (jina lako kamili), nafasi ya mtunza stoo. Ulinieleza kwamba jibu lingetoka Ijumaa. Je, uamuzi umefanyika, au bado mnaendelea na usaili?"

Swali hilo limempa njia mbili za kujibu, na zote mbili anaweza kuziandika kwa neno moja au mawili akiwa amesimama kwenye foleni. Linganisha na "Naomba kujua kinachoendelea kuhusu maombi yangu", ambalo linamtaka atunge maelezo. Mtu aliyechoka huliahirisha swali la namna hiyo. Tena, swali hili halina lawama. Ukiandika "Mbona uliahidi Ijumaa?" utakuwa umesema kweli, lakini pengine aliyechelewesha ni mkuu wake, na yeye hana uwezo wa kukujibu bila kumsema mwingine.

Akijibu "bado", muulize mara moja tu ni lini inafaa umuulize tena, kisha heshimu siku atakayoitaja. Asipojibu kabisa, subiri kiasi cha wiki moja, umwandikie mara ya tatu kwa sentensi mbili, halafu uache. Kutuma alama ya kuuliza peke yake, au kuandika "upo?", kunaongeza idadi ya ujumbe wako bila kuongeza habari yoyote. Kuhusu kupiga simu, ningeiacha kwa jambo lisiloweza kungoja, kama vile kuchelewa njiani siku yenyewe ya usaili, kwa sababu aliyechagua kupanga mambo kwa maandishi kwa kawaida anafanya hivyo ili asikatizwe kazi.

Ameniandikia "Njoo Alhamisi 3:00". Sijui ni saa tatu asubuhi au saa tisa alasiri. Nikiuliza sitaonekana mzembe?

Mzembe ni yule atakayefika kwa kubahatisha. Sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko, ilhali simu na kalenda za ofisini zinahesabu kuanzia usiku wa manane, na afisa huyo huyo huweza kuandika "3:00" akimaanisha saa tatu leo na saa tisa kesho, kutegemea kama ameandika kwa kichwa chake au amenakili kutoka kwenye kalenda. Usimuulize "Ni saa ngapi hasa?", bali mpe tafsiri yako aithibitishe: "Asante. Nathibitisha usaili wa Alhamisi, saa tatu asubuhi, yaani 09:00. Nikiwa nimeelewa vibaya, naomba unisahihishe." Kutaja kipindi cha siku kwa maneno na kuongeza saa ya kalenda kwa tarakimu nne kunafunga mianya yote miwili. Ikiwa yeye yuko nchi nyingine na mtazungumza kwa video, ongeza pia ni saa za mji upi.

Asipojibu uthibitisho huo hadi Jumatano mchana, hapo ndipo kupiga simu kunapofaa.

Natumia simu ya kawaida isiyo na WhatsApp. Ujumbe wangu humfikia vipande vipande.

Ujumbe mmoja wa kawaida wa simu hubeba herufi 160, zikiwemo nafasi kati ya maneno; ukizidi hapo hugawanywa, na ingawa simu nyingi huunganisha vipande, baadhi huvionyesha mbalimbali na pengine bila mpangilio. Kuna mtego usioonekana: ukiweka emoji moja tu, au ile alama ya ritifaa iliyopinda badala ya iliyonyooka katika neno kama ng'ambo, kiwango hushuka hadi herufi 70 kwa ujumbe mzima. Kwa hiyo achana na mapambo, andika hivi:

"Habari. Ni (jina), usaili wa mtunza stoo Jumanne saa 4 asubuhi. Uliniambia jibu ni Ijumaa. Je, kuna hatua mpya? Asante."

Hata ukiweka majina yako mawili, hutafika 160.

Nilijibu SMS iliyonipa tarehe ya usaili, lakini ujumbe wangu unakataa kwenda. Aliyetuma haonyeshi namba, ni jina la kampuni tu.

Hapo huna la kurekebisha kwenye simu yako, kwa sababu ujumbe unaotumwa kwa jina badala ya namba kwa kawaida ni wa upande mmoja na haupokei majibu. Soma tena ujumbe wenyewe, utafute namba au kiungo cha kuthibitishia. Kama hakuna, tumia namba iliyokuwa kwenye tangazo la kazi, na taja kwamba uliitwa kwa SMS ya tarehe fulani.

Nimekwisha kutuma ujumbe wa WhatsApp ndipo nikagundua nimekosea jina la afisa. Niufute?

Ikiwa hazijapita dakika 15, uhariri. Utabaki na alama ndogo ya kuonyesha kwamba umehaririwa, jambo ambalo halina ubaya. Kuufuta kwa wote huacha maandishi yanayosema ujumbe umefutwa, na hayo humfanya ajiulize uliandika nini. Muda ukiwa umepita, tuma mstari mmoja tu: "Samahani kwa kukosea jina lako hapo juu", pamoja na jina lililo sahihi. Kosa la herufi moja katika neno lingine lolote, liache lilivyo.