Mhasibu anaondoka, aandike nini?

"Naacha kazi mwisho wa mwezi, mimi ndo mhasibu peke yangu ofisini, kwenye makabidhiano niandike nini jamani?"

Ndugu, usianze na majukumu, hayo yapo kwenye mkataba wako, anza na tarehe. PAYE ya mwezi huu mwisho wake TRA ni tarehe 7 mwezi ujao, VAT tarehe 20, na wewe utakuwa ushaondoka, kwahiyo andika kila kitu kimefikia wapi, faili liko folda gani, nani anasaini, kipi hakijalipwa na kwa nini. Hiyo kwa nini ndo wengi tunairuka. Mfano: "Invoisi ya karatasi isilipwe, tuliagiza boksi 10 zikaja 8, tunasubiri kredit noti." Bila hiyo sentensi mwenzako anaikuta invoisi, analipa yote.

Halafu ile namba ya siri ya kuingilia akaunti ya benki inakuja simu ya nani? Mimi ilikuwa inakuja kwangu, nimeshaondoka bado wananipigia kila siku ya mishahara, aibu tupu. Badilisheni namba ya simu mapema, na paswedi usiziandike humo.

Ukimaliza, mwambie anayebaki afanye malipo ya wiki kwa kusoma maelezo yako, we kaa pembeni kimya. Akikuuliza kitu, hapo pana pengo, ongeza mstari.