Kata shilingi ya mwisho kwanza

Swali la wiki: "Una shilingi laki tatu tu kwa mwezi za kutangaza biashara yako. Unazigawaje, na mwezi ambao imebaki laki moja unaanza kukata wapi?"

Mimi nashughulikia mauzo ya asali hapa Tabora mjini. Tunanunua kwa warina wa Sikonge na Uyui, tunachuja, tunafungasha, kisha tunauza dukani, kupitia mawakala, na kwa watu wa Dar es Salaam tunaowatumia mzigo kwa basi. Laki tatu ndiyo bajeti yetu hasa, kwa hiyo nitajibu kwa hesabu zetu.

Mgao wa kawaida uko hivi: redio ya hapa 120,000, matangazo ya kulipia ya Facebook na Instagram 90,000, gari la matangazo siku za mnada 60,000, meseji kwa wateja wa zamani 15,000, na 15,000 ya akiba. Kamisheni za mawakala hazimo humo. Yule wa jirani na stesheni, anayewauzia abiria wa treni za Kigoma, Mwanza na Mpanda, analipwa chupa ikishauzwa. Biashara ikilala, malipo yake nayo yanalala, kwa hiyo hapo hakuna cha kukata.

Hela ikipungua, wengi hupunguza kila kitu kwa kiwango kilekile ili asiwepo wa kulalamika. Kwangu huo ndio ukataji mbaya kuliko wote. Tangazo la redio linalopita mara moja kwa siku, saa ambayo watu wako shambani, halikumbukwi na mtu, ila ankara yake inakuja. Redio ina kiwango ambacho ukishuka chini yake ni kama hujatangaza kabisa. Gari la matangazo nalo ni vivyo hivyo: dereva, mafuta na spika vinataka hela yake hata ukizunguka mitaa miwili. Meseji ndiyo unaweza kuipunguza hadi watu hamsini na kila mmoja bado ataisoma.

Kabla ya kukata lazima ujue kila njia inakuletea nini, na kumuuliza mteja "umetusikia wapi?" hakutoshi. Watu wetu wana adabu. Wengi watakwambia redioni kwa sababu ndilo jibu linaloonekana la heshima. Sisi tunatumia neno la siri. Anayesikia redioni anaambiwa akitaja "Unyanyembe" atapunguziwa shilingi 500, na wa gari la matangazo ana neno lake. Wa Facebook wanapiga namba ya simu ambayo haijaandikwa mahali pengine popote. Wapo wanaosahau neno, kwa hiyo idadi halisi huwa juu kidogo ya ile tunayoiandika, lakini ukiandika kila mwezi utaona ipi inapanda na ipi inashuka.

Sasa Facebook. Kwa kilo moja tunabaki na faida ghafi ya shilingi 4,000, na mteja mpya wa mtandaoni kwa kawaida huchukua kilo mbili, yaani 8,000. Tulipokuwa tunatumia 45,000 kwa mwezi tulipata wateja wapya kama 15. Tulipopandisha hadi 90,000 wakawa 20. Ukigawa 90,000 kwa 20 unapata 4,500 kwa mteja, na mtu anaridhika. Lakini 45,000 ya pili ilileta watu watano tu, yaani shilingi 9,000 kwa kila mmoja, kumpata mtu anayetuachia 8,000. Nusu ya kwanza inalipa vizuri, nusu ya pili inakula mtaji, na wastani umeificha. Ndiyo maana ninapokata siulizi njia ipi ni mbaya. Nauliza shilingi ya mwisho niliyoweka katika kila njia ilirudi na nini. Hiyo 45,000 ya pili ndiyo ya kwanza kuondoka.

(Kama unatangaza Facebook kwa kubonyeza tu kitufe cha kukuza chapisho, angalia lengo ulilochagua. Lengo likiwa kupata mwitikio, utaletewa watu wa kubonyeza moyo. Chagua lengo la kutumiwa ujumbe.)

Linalofuata ni gari la matangazo. Linaleta watu, hilo sikatai, kama 20 kwa mwezi. Lakini wa mnadani hununua nusu kilo, faida 2,000, na wote pamoja wanarudisha 40,000 kwa gharama ya 60,000. Wangekuwa wanarudi ningelivumilia, ila wengi wametoka vijijini ambako mjomba ana mizinga yake. Msimu wa masoko ya tumbaku, fedha inapozunguka Urambo na Kaliua, hesabu hubadilika na gari linarudi barabarani.

Meseji siigusi. Tuna wateja 400 waliokubali kutumiwa. Tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kuokota namba za watu huku na huko si ujanja tena. Mwezi mmoja tuliwatumia 300 meseji mbili kila mmoja, kwa shilingi 25 meseji, tukawaacha 100 makusudi bila kuwatumia. Katika wale 300 walinunua 24. Katika wale 100 walinunua watano, kwa hiyo hata tungenyamaza, 15 kati ya wale 300 pengine wangenunua tu. Kazi halisi ya meseji ni oda tisa, karibu 72,000 ya faida kwa 15,000. Idadi ni ndogo na mwezi mwingine inaweza kuyumba, lakini pengo ni kubwa. Jihadhari na emoji tu. Meseji moja hubeba herufi 160, ukiweka emoji hata moja nafasi inashuka hadi 70, na ujumbe wa herufi 150 unalipiwa kama meseji tatu.

Redio ndiyo ngumu. Kwa neno la siri inaonekana inapoteza, lakini inafanya kazi ambayo neno la siri haliioni: wenye maduka nao wanaisikia, na mwenye duka hukubali kuweka chupa zetu kwa sababu jina si geni. Ukiisimamisha leo, wiki mbili za mwanzo hutaona tofauti na utajipongeza bure, maana jina bado liko vichwani. Mimi huangalia hadi wiki ya sita, na siangalii mauzo ya dukani kwetu bali oda za wenye maduka. Hizo ndizo hutangulia kushuka.

Hata hivyo, bajeti ikiwa laki moja redio inasimama yote, haibaki nusu. Isipokuwa kama umeshailipia miezi mitatu mbele. Hapo kuisimamisha hakukurudishii hata senti, iache iishe. Kinachobaki ni Facebook 45,000, meseji 15,000 na akiba 15,000. Ile 25,000 ya ziada haiongezwi kwenye meseji, kwa sababu mteja akitumiwa mara tano kwa mwezi ataizuia namba yako. Inawekwa pembeni kila mwezi hadi asali mpya iingie, kisha tunanunua wiki mbili za redio zilizojaa, asubuhi na jioni kila siku. Oda za wenye maduka zikianza kupungua kabla ya hapo, akiba ya miezi iliyopita ndiyo ninayoichukua kwanza kurudisha redio, kabla ya kuongeza shilingi yoyote Facebook.

Msomaji, Tabora