Watoto wawili, mbili kwa kumi, na ile hesabu ya 503 kutoa 267

Mimi hufundisha tuisheni kwenye baraza ya nyumbani kwetu hapa Lamu mjini, baada ya alasiri mpaka karibu na magharibi, ule wakati watoto washatoka skuli na chuo cha Qurani hakijaanza. Watoto saba, wakizidi sana tisa, na punda wakipita inabidi tunyanyue miguu. Nasema haya mwanzo ili mjue sina ofisi wala mashine, nina karatasi na kalamu, na hii habari nnayotaka kuwapa, ya kumpima mtoto huku unamsaidia, inafanyika hivyo hivyo barazani.

Mwaka jana nilipokea watoto wawili wiki moja, kijana wa Langoni na binti wa Mkomani, wote gredi ya nne. Nikawapa hesabu kumi za kutoa. Wote wakapata mbili. Basi mimi bila kufikiri sana nikawaweka pamoja na wale wa kuanza chini kabisa, wanaohesabu vijiti, nikaona nimemaliza kazi. Nilikosea, na kosa lenyewe lilikuwa kwenye karatasi wazi wazi, sikulitazama tu.

Tazama hesabu moja: 503 kutoa 267. Jibu ni 236. Kijana aliandika 364. Binti aliandika 336. Ukiweka alama ya mkasi zote ni sifuri, lakini hawa hawakukosea kitu kimoja. Kijana kila safu anatoa ndogo kwenye kubwa, haijalishi ipi iko juu: saba toa tatu ni nne, sita toa sifuri ni sita, tano toa mbili ni tatu. Binti yeye anajua kukopa, na anajua sifuri ikikopwa inageuka tisa, ila ile mia iliyotoa kumi hakuipunguza, imebaki tano vile vile. Ndio maana jibu lake limezidi mia moja kamili, hiyo mia imezaliwa hewani.

Ungeniuliza siku ile nani yuko karibu kujua, ningekwambia binti, bila wasiwasi.

Sasa kuna mtindo wa kupima ambao wataalamu wanauita dainamiki asesimenti, mimi kwa watoto nauita mtihani wa kusaidiwa. Asili yake watu wengi wanampa Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyefariki 1934. Mfano wake ni watoto wawili ambao wakipimwa peke yao wote wako kiwango cha mtoto wa miaka minane, halafu wakipewa msaada kidogo mmoja anafika kiwango cha miaka tisa na mwengine anafika kumi na mbili. Je, hao wako sawa? Baadaye huko Marekani Ann Brown na Joseph Campione wakaja na njia ya kuhesabu: unapanga vidokezo kuanzia kidogo kabisa mpaka msaada wote, unavitoa kimoja kimoja, halafu unachoandika ni vidokezo vingapi mtoto amehitaji, ile habari ya kupata au kukosa si kubwa tena. Hiyo ndiyo niliyoichukua kwa sababu mwalimu mmoja na karatasi anaiweza.

Vidokezo vyangu vya kutoa viko vitano na nimeviandika kwenye kadi, maneno yale yale kwa kila mtoto. Cha kwanza ni "hebu iangalie tena" basi. Cha pili naweka kidole kwenye safu ya mamoja na kuuliza, juu una ngapi, unataka kutoa ngapi, zinatosha? Cha tatu natoa pesa za kweli, noti tano za mia na sarafu tatu za shilingi, namwambia mtu anakudai 267, mlipe. Cha nne naivunja mimi ile mia moja kuwa sarafu kumi za kumi kumi halafu namwachia yeye aendelee. Cha tano naifanya yote mbele yake, kisha anairudia huku ananieleza. Baina ya kidokezo na kidokezo nahesabu moyoni mpaka kumi na tano. Hii kumi na tano ni ndefu kuliko unavyodhani, mwanzo nilikuwa naishia sita nishaongea.

Na kabla ya cha kwanza nina kidokezo sifuri, hiki si cha kwenye vitabu ni changu: kama swali lina maneno ya Kiingereza nalisoma kwa Kiswahili. Kuna mtoto ukimsomea tu kwa lugha ya nyumbani kwao anapata saa hiyo hiyo, na huyo shida yake haikuwa hesabu hata siku moja, usimfundishe kukopa, mfundishe yale maneno ya swali.

Basi nikawaita mmoja mmoja. Kijana kwanza. Kidokezo cha kwanza akaangalia, akasema iko sawa ticha. Cha pili akasema, haitoshi, kwa hivyo nageuza. Yaani kwake kugeuza ndiyo sheria, kuna mahali aliambiwa huwezi kutoa kubwa kwenye ndogo na yeye akaelewa hivyo. Cha tatu nikamwekea noti na sarafu. Akacheka. Akasema "navunja mia ticha," kama vile nimemuuliza kitu cha kitoto, akavunja mia, kisha akavunja kumi moja, akanihesabia 267 na zilizobaki zikawa 236. Kisha bila kuambiwa akarudi kwenye karatasi akafuta lile 364. Huyu mtoto jioni hukaa dukani kwa ami yake. Hesabu ya pili, 402 kutoa 158, alitaka kidokezo cha kwanza tu. Ya tatu, 601 kutoa 334, hakutaka kitu. Jumla vidokezo vinne.

Binti kwenye ya kwanza nilifika mpaka cha tano. Ya pili mpaka cha tano tena. Ya tatu cha nne. Jumla kumi na nne, na hesabu tatu mwisho wake ni kumi na tano. Nilikuwa nimekaa pale nashangaa kwa sababu yeye ndiye mwenye daftari safi na ndiye niliyedhani yuko karibu. Nilipomwambia anieleze ile tisa imetoka wapi akasema "sifuri ikikopwa huwa tisa," na akaishia hapo. Amekariri. Na mtu aliyekariri ukimwambia angalia tena haoni kosa, maana sheria yake ameifuata.

Kwa hivyo mbili kwa kumi na mbili kwa kumi, lakini nne na kumi na nne. Kijana nikamtoa kwenye vijiti siku ile ile.

Lakini hapa ndipo nnapotaka mnisikilize, kwa sababu nusura nifanye kosa la pili kubwa kuliko la kwanza. Nikaanza kusema moyoni huyu binti mzito. Halafu usiku nikakumbuka, kidokezo changu cha tatu ni pesa. Kijana anashinda dukani, anavunja noti kila siku ya Mungu, mimi nimempa msaada kwa lugha yake. Binti nimempa msaada kwa lugha ya kijana. Kile nilichopima kwa binti kilikuwa nusu hesabu na nusu amekaa duka au hajakaa. Mama yake huuza mishikaki jioni, na vile vijiti vya mishikaki hununua pakiti za mia. Siku ya pili nikaleta pakiti tano na vijiti vitatu, namba ya kutoa nyengine kabisa ili asiwe anakumbuka, na alipofika pa kukwama akachukua pakiti mwenyewe akaifungua, akafunga mafungu ya kumi kumi kwa mpira. Kisha akatulia akaangalia zilizobaki na kusema, "pakiti zimekuwa nne." Ile mia ya hewani aliiona kwa macho. Hesabu mbili zilizofuata alihitaji kidokezo cha pili tu.

Sasa sikufuta ile kumi na nne nikaandika namba ya siku ya pili peke yake, huo utakuwa uongo, maana keshafundishwa siku moja kabla. Niliandika zote mbili na tarehe zake, na pembeni nikaandika "vijiti, si pesa". Hayo maneno matatu yamenisaidia naye kuliko zile namba.

Mambo mengine yanayoharibu ni madogo madogo. Uso wako. Mtoto akigusa namba sahihi ukanyanyua nyusi ushampa kidokezo na hukukihesabu, mimi siku hizi namtazama daftari simtazami yeye. Jengine, mtoto akifika cha tano kila mara usiandike kuwa hawezi, mara nyingi umeanza juu mno, shuka ngazi, muulize kwenye 503 ile sifuri inasema nini, na kama hajui basi kukopa si mada yake bado. Na muda: mtoto mmoja kwa hesabu tatu ananila dakika ishirini na tano, kwa hivyo mwenye darasa la watoto sitini usijaribu kwa wote, chagua wale ambao alama zao zinakutatiza.

Kuna mtu ataniuliza, si ataongeza alama kwa kurudia tu? Ndiyo, anaweza. Robert Sternberg, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake walipowapima watoto wa vijijini Bagamoyo, kazi yao ikachapishwa 2002, waliweka pia kundi lililorudia mtihani bila kufundishwa katikati, ili wajue kurudia peke yake kunaleta kiasi gani. Waliofundishwa, na ilikuwa chini ya saa moja, walipanda zaidi. Mimi barazani sina kundi la pili. Nnachofanya ni kusubiri wiki nzima kisha natoa hesabu isiyofanana kabisa na zile, lakini ndani yake kuna kukopa kule kule.

Kwa hawa wawili niliwapa hii: dau limeng'oa nanga saa mbili na dakika arubaini na tano, limefika saa nne na dakika kumi, safari imechukua muda gani? Hapa ukikopa saa moja haikupi kumi wala mia, inakupa sitini.

Binti alichora pakiti, juu yake akaandika 60, akapata saa moja na dakika ishirini na tano bila kidokezo. Kijana akaandika 410 kutoa 245, akapata 165, akaja nayo mbio. Saa moja na dakika sitini na tano. Nikamwambia hebu iangalie tena, nikaanza kuhesabu moyoni. Nilikuwa nimefika tisa aliposema, "Ticha, dakika sitini na tano haziko," akarudi kukaa.