Umebadilisha lugha ya Netflix na filamu bado haionekani? Soma hii kwanza

Habari zenu wapendwa, leo nataka tuongee kitu ambacho naulizwa karibu kila wiki hapa Tanga, na mwenyewe nimekijua vizuri kwa sababu ya ma'mkubwa wangu wa Makorora. Yeye ni mtu wa tamthilia za Kikorea, alianza nazo enzi zile za sidii zilizotafsiriwa na madijei, sasa wanawe wamemnunulia TV ya kisasa na wamemuungia Netflix. Siku moja kanipigia, "mwanangu, hii tamthilia kwenye simu yako siku ile ilikuwa na maandishi ya Kiswahili, mbona kwangu hayapo, hii TV mbovu?"

Nikaenda jioni, nikamwamkia, nikashika rimoti nikafungua sehemu ya sauti na sabtaito. Kweli, pale kulikuwa na Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na nyingine mbili tatu, Kiswahili hakuna. Nikafungua tamthilia ileile kwenye simu yangu, sehemu ileile, Kiswahili kipo. Akaunti moja, waifai moja, tumekaa kochi moja.

TV ilikuwa nzima kabisa ndugu zangu, tatizo lilikuwa profaili. Akaunti moja ya Netflix inachukua mpaka profaili 5 na kila moja ina lugha yake, sasa ma'mkubwa alikuwa anatumia profaili aliyofunguliwa na mwanawe ambayo iliwekwa Kiingereza. Kwa miaka mingi apu ya kwenye TV ilikuwa haikupi orodha nzima ya lugha, inakuchagulia kama 5 mpaka 7 kwa kuangalia upo nchi gani na profaili yako ni ya lugha gani, zilizobaki zipo ila huzioni. Mwaka 2025 wakaanza kufungua orodha nzima kwenye TV, lakini kama TV yako apu yake ni ya zamani usishangae ukikutana na orodha fupi.

Nilichofanya ni hiki. Nilifungua netflix.com kwenye brauza ya simu, nikaingia kwenye Account, nikachagua profaili yake, nikaenda Languages. Pale kuna mambo mawili na watu wengi wanayachanganya: kuna lugha ya menyu, yaani yale maneno unayoyaona ukifungua apu, halafu chini yake kuna lugha za filamu na tamthilia unazopendelea. Nikaweka Kiswahili kwenye menyu, huku chini nikatiki Kiswahili na Kiingereza, nikasevu. Kwenye TV haikubadilika palepale, na hapa ndipo wengi wanakata tamaa wanasema haifanyi kazi. Toka kwenye ile profaili, ingia nyingine, kisha rudi, na ikigoma basi saini auti uingie upya. Tuliporudi Kiswahili kikawa kimekaa kwenye orodha, na ma'mkubwa akaanza kusoma kwa sauti kama anasoma barua.

Ila nikamwambia mapema asije akadhani sasa kila kitu kitakuwa Kiswahili. Ukiweka lugha kwenye profaili unaomba ionyeshwe kama ipo, huitengenezi, na sabtaito za Kiswahili zipo kwenye filamu chache tu. Ukitaka kujua zenye lugha yako bila kufungua moja moja, tumia brauza, nenda netflix.com/browse/subtitles uchague lugha yako pale, inakuokolea bando sana.

Kuna jambo jingine mpwa wangu aliliona tukiwa palepale. Tamthilia isiyo na Kiswahili aliweka sauti ya Kiingereza na maandishi ya Kiingereza, akalalamika maneno yanayosemwa na yanayoandikwa hayafanani kabisa. Ni kweli hayafanani, na hakuna aliyekosea. Yule anayetafsiri sauti anatafuta maneno yatakayoendana na mdomo wa mwigizaji, yule wa maandishi anatafsiri kutoka kwenye Kikorea chenyewe na anabanwa na nafasi, mistari 2 tu na kila mstari herufi 42 hivi, kwa hiyo lazima afupishe la sivyo hutamaliza kusoma. Kwenye orodha mara nyingi utaona English na English [CC]. Ukisikiliza Kikorea chukua English, ukisikiliza sauti ya Kiingereza chukua [CC] ndiyo inafuata yale yanayosemwa, tena inaandika na milio kama mlango kugongwa, kwa hiyo mzee ambaye masikio yamechoka inamfaa sana.

Sasa tuje kwenye lile kubwa. Binti yake ma'mkubwa ameolewa Mombasa, akamsifia mama yake filamu fulani, mama kaitafuta Tanga haipo. Akanipigia tena, nimebadilisha lugha zote mwanangu na bado. Hapa naomba mnielewe vizuri: lugha na nchi ni vitu viwili tofauti. Ubadilishe profaili iwe Kikorea, iwe Kituruki, katalogi, yaani orodha ya filamu unazoweza kuona, itabaki ya Tanzania, kwa sababu apu inaangalia intaneti yako inatokea nchi gani, haiangalii umechagua lugha gani.

Na katalogi inatofautiana kwa sababu mwenye filamu anauza haki ya kuionyesha nchi kwa nchi na kwa muda maalum. Anaweza kuiuzia apu kwa Kenya miaka miwili, Tanzania akawa ameshampa mtu mwingine, labda kituo cha TV, au hajauza kabisa. Zile ambazo Netflix wanamiliki wenyewe haki zake ndizo unazikuta karibu kila nchi. Hata sabtaito zinafuata mikataba hiyohiyo, filamu moja inaweza kuwa na lugha fulani huku na kule isiwepo. Kujua kama tatizo ni nchi ni rahisi, andika jina la filamu kwenye kutafuta, apu ikiandika jina lakini ikakuletea filamu nyingine zinazofanana nayo basi kwako haipo, acha kuhangaika na setingi.

Mwezi uliofuata tukaenda harusini Mombasa, tumevuka Horohoro, ma'mkubwa simu mkononi anasubiri filamu yake. Haikutokea. Laini yake ilikuwa ya Tanzania, yupo kwenye romingi, na ukiwa kwenye romingi kwa kawaida intaneti yako inazunguka kupitia mtandao wa nyumbani, kwa hiyo apu bado inaona upo Tanzania. Tulipofika kwa binti yake nikamuunganisha na waifai ya pale, akafunga apu akafungua, filamu hiyo hapo! Akaidaunilodi ili amalizie Tanga, nikamwambia mama hiyo itakataa kucheza tukirudi, maana uliyoidaunilodi nayo inakaguliwa nchi uliyopo, imalizie hukuhuku.

VPN, ile ya kufanya intaneti yako ionekane inatokea nchi nyingine, wengi mnaniuliza. Apu ikigundua unaitumia inakuachia zile tu zenye haki za dunia nzima, kwa hiyo unaweza ukalipia VPN ukajikuta na katalogi ndogo kuliko uliyokuwa nayo.

Ma'mkubwa aliimaliza usiku wa mkesha wa harusi, saa nane na nusu, maandishi ya Kiingereza, binti yake kakaa pembeni anamtafsiria mstari kwa mstari.