Dari ikivuja mara ya tatu, uliza saa

Mpangaji akipiga simu mara ya kwanza kwamba maji yanatoka juu, unazima umeme wa taa iliyo karibu na unyevu na unampeleka fundi. Akipiga mara ya tatu kwa jambo lilelile, ujue chanzo hamjakipata. Nawaambia ninyi mnaoanza kusimamia nyumba za watu kwa sababu hapa Tabora nilichelewa kulielewa hili, na aliyeumia ni mama mmoja aliyeweka beseni koridoni kila usiku.

Mara mbili fundi bomba alipanda, akakaza nati ya sinki, akashuka. Siku nne hazikupita, dari ikalowa tena. Ilikuwa Julai, mvua hakuna, kwa hiyo paa halikuhusika. Nikamwomba mama aandike saa ambayo matone yanaanza. Baada ya wiki karatasi yake ilionyesha asubuhi na usiku, kama nusu saa baada ya watu wa juu kuoga. Bomba lenye presha likipasuka huvuja mchana kutwa. Halingoji mtu aoge.

Mwenye nyumba ya juu anaishi Mwanza, na alikuwa amechoka kulaumiwa. Nikampigia picha ile karatasi na kumwandikia: "Shikamoo mzee. Leo sikuombi hela. Naomba muda wa saa mbili bafuni kwako, mpangaji wako akiwepo, nami nitakurekodia kila hatua." Alikubali siku hiyohiyo.

Tulifunga koki zote za juu tukaitazama mita dakika 15, kigurudumu hakikutikisika. Kama maji yanapitia simtanki, kipimo hiki kitakudanganya, maana mita iko kabla ya tanki. Kisha tukaingiza mpira ndani kabisa ya tundu la sakafuni, maji yakapita dakika 10 bila kulowesha vigae. Chini pakavu. Mwisho tukaziba tundu kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, tukajaza sakafu maji ya kina cha sentimita 2. Baada ya dakika 25 mama akaita kutoka chini: tone la kwanza limeanguka. Basi bomba la maji machafu lilikuwa zima. Maji yalipenya pale vigae vinapokutana na tundu.

Mzee alipoona video hakubisha. Kabla fundi hajagusa nyundo, tuliandikiana: yeye analipia sakafu yake na ubao wa dari ulioharibika, mwenye nyumba ya chini analipia rangi. Msiruke hatua hii, maana dari ikishakauka kila mtu huona gharama ni ya mwenzake.

Fundi alibandua vigae kuzunguka tundu, akapaka dawa ya kuzuia maji mpaka ukutani, akaiacha ikauke. Tukajaza maji tena siku nzima kabla ya kurudisha vigae. Mpangaji wa juu tulimtafutia bafu la jirani siku hizo zote. Kuoga hata mara moja juu ya dawa mbichi kungetulazimu kuanza upya. Rangi ya dari ilisubiri wiki tatu, hadi ubao ulipokauka kabisa.